Nauli ya Mwanafunzi: Jinsi Dokezo la Mshauri kwa Waziri Linavyopima Njia Mbili

Dokezo ni maandishi mafupi ambayo mtaalamu humwandikia mkuu wake ili amsaidie kuamua jambo. Dokezo zuri halimwambii waziri yale anayopenda kuyasikia. Humwonyesha tatizo lilivyo, njia zinazowezekana, gharama ya kila njia na mtu atakayeibeba gharama hiyo. Makala haya yanaeleza kazi hiyo kwa kutumia suala ambalo wanafunzi wengi wa Dar es Salaam wanalijua vyema: mwanafunzi aliyevaa sare kuachwa kituoni na daladala asubuhi.

Chanzo cha tatizo

Nauli za daladala nchini Tanzania hupangwa na Serikali kwa kufuata urefu wa njia. Katika viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2023, mtu mzima katika njia isiyozidi kilomita 10 alitakiwa kulipa shilingi 600, na mwanafunzi shilingi 200. Kwa hiyo kila mwanafunzi anayeketi mahali ambapo mtu mzima angeweza kuketi huacha pengo la shilingi 400.

Ni nani anayelibeba pengo hilo? Jibu limo katika mapatano baina ya mwenye gari na wafanyakazi wake. Kwa desturi, dereva na konda hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi maalumu cha fedha kila siku, ambacho huitwa hesabu. Baada ya kutoa hesabu na kununua mafuta, kinachobaki ndicho malipo yao. Hesabu haipungui kwa sababu gari lilibeba wanafunzi, wala mafuta hayapungui. Kinachopungua ni mkate wa dereva na konda.

Natuchukue mfano wa gari lenye viti 30. Likijaa watu wazima hupata shilingi 18,000 kwa safari moja. Likibeba watu wazima 20 na wanafunzi 10, hupata shilingi 14,000. Tofauti ya shilingi 4,000 yote hutoka katika fungu la wafanyakazi wawili. Basi konda anayewazuia wanafunzi mlangoni hafanyi hivyo kwa ukatili tu; anafanya hesabu ya kutoa. Faini na askari wa barabarani huweza kumtisha kwa siku chache, lakini sababu yake hubaki palepale.

Hata hivyo, mwanafunzi yuleyule hana hasara kila saa. Saa nne asubuhi, gari likiondoka na viti vitupu, mwanafunzi hamzuii mtu yeyote kuketi. Shilingi 200 zake ni faida, kwa kuwa bila yeye kiti hicho kisingeleta kitu. Ndiyo kusema kwamba gharama ya kumchukua mwanafunzi haitokani na uzito wake wala umri wake, bali inatokana na kumnyima nafasi abiria mwingine. Pasipo abiria mwingine, hakuna gharama.

Njia ya kwanza: kupandisha nauli ya mwanafunzi

Mshauri anaweza kupendekeza nauli ya mwanafunzi ipandishwe, tuseme kutoka shilingi 200 hadi 400. Ubora wa njia hii ni wepesi wake: tangazo moja latosha, na Hazina haitoi hata senti. Lakini katika gari la mfano wetu, mapato yatakuwa shilingi 16,000, na bado konda atapoteza shilingi 2,000. Sababu ya kumkataa mwanafunzi itapungua bila kwisha. Itakwisha tu nauli itakapofika shilingi 600, yaani sawa na ya mtu mzima.

Mzigo huo utamwangukia mzazi. Tukichukua siku 190 za masomo kwa mwaka na safari mbili kwa siku, nyongeza ya shilingi 400 kwa kila safari ni shilingi 152,000 kwa mwanafunzi mmoja. Mzazi mwenye wanafunzi watatu ataongeza shilingi 456,000. Walio mbali na shule na wenye kipato kidogo ndio watakaoanza kutembea kwa miguu, kuchelewa, au kukosa masomo.

Njia ya pili: Serikali kulifidia pengo

Katika njia ya pili, mwanafunzi huendelea kulipa shilingi 200, na Serikali hulipa shilingi 400 zilizobaki. Kwa konda, mwanafunzi na mtu mzima huwa sawa. Lakini kwa wanafunzi 10,000, kwa siku 190 na safari mbili kila siku, Hazina itatoa shilingi 1,520,000,000 kwa mwaka. Ni pengo lilelile: halikufutika, limehama tu kutoka kwa konda hadi kwa mlipa kodi.

Njia hii ina hatari mbili. Ya kwanza ni malipo kuchelewa. Hesabu hutolewa kila siku. Fidia ikija baada ya miezi mitatu, au ikilipwa kwa mwenye gari bila kumfikia konda, wanafunzi wataachwa kama zamani. Ya pili ni wanafunzi hewa. Tuseme njia moja ina magari 20 yenye viti 30, na kila gari hufanya safari mbili asubuhi. Viti vyote ni 1,200. Madai ya wanafunzi 1,500 hayawezi kuaminika, hata wakihesabiwa wachache waliosimama, maana watu wazima nao walisafiri. Dalili nyingine ni idadi isiyobadilika. Wanafunzi wa kweli hupungua siku ya mvua kubwa. Wa karatasini hawalowani. Madai hayana budi kulinganishwa na daftari la mahudhurio shuleni.

Pendekezo

Ikiwa gharama hutokea pale tu nafasi inapogombewa, fidia nayo ilipwe pale tu. Asubuhi wanafunzi na wafanyakazi husafiri pamoja. Alasiri shule nyingi hufungwa kabla ya wafanyakazi kutoka kazini. Mshauri anaweza basi kumwandikia waziri hivi: nauli ya shilingi 200 ibaki; fidia ilipwe kwa safari ya asubuhi peke yake; malipo yawafikie wafanyakazi wa gari siku hiyohiyo; na jaribio lianze katika njia moja kwa muhula mmoja. Gharama ya wanafunzi 10,000 itashuka hadi shilingi 760,000,000.

Dokezo la uaminifu halina budi kutaja pia udhaifu wa pendekezo lake. Pale ambapo daladala husubiri mpaka lijae ndipo liondoke, mwanafunzi wa alasiri naye huchukua nafasi ambayo mtu mzima angeipata baadaye kidogo. Hapo fidia ya asubuhi pekee haitatosha.

Jambo hilo haliamuliwi kwa mabishano bali kwa kuhesabu. Darasa la Hisabati linaweza kufanya kipimo hicho: wanafunzi wawili wakae kituoni na mwalimu wao, waandike kila nusu saa idadi ya magari yaliyopita, viti vilivyokuwa vitupu, na wanafunzi waliokataliwa. Wakiona wanafunzi wakikataliwa huku viti vikiwa vitupu, sababu ni ile ya kusubiri gari lijae, na pendekezo halina budi kurekebishwa. Wakiona kwamba wanakataliwa tu magari yanapojaa, mshauri amepata ushahidi wa kumpelekea waziri.