Uso Mwembamba, Masikio Yaliyochomoza: Siri Iko Pembeni

Mtindo unaopendwa zaidi na vijana wetu kwa miaka mingi sasa, ule wa kunyoa pembeni hadi ngozi ing'ae na kuacha nywele nyingi juu, ndio unaowaumbua wanaume wenye uso mwembamba au masikio yaliyochomoza. Iwe unaitwa kiduku, panki au fedi ya juu, kazi yake ni ileile. Unaondoa upana pale uso ulipokuwa unauhitaji na kuongeza urefu ambao tayari ulikuwa mwingi. Mwenye uso wa mviringo hupendeza nao. Mwenye uso mwembamba huonekana amekonda, na masikio yake hubaki peke yake pande mbili za kichwa, bila kitu cha kuyasindikiza.

Kwa kawaida ukingo wa sikio huwa sentimita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye fuvu. Likizidi hapo, watu huanza kuliona. Mara nyingi chanzo ni mkunjo wa ndani wa gegedu la sikio ambao haukujikunja vya kutosha tangu mtoto akiwa tumboni, au bakuli la sikio lenye kina kirefu. Hakuna mtindo wa nywele utakaolirudisha nyuma. Kinachowezekana ni kupunguza ile nafasi tupu inayoonekana kati ya sikio na kichwa mtu akitazamwa kwa mbele. Sikio likisimama sentimita mbili na nusu kutoka kwenye ngozi tupu, jicho linaziona zote. Nywele za pembeni zikiwa na unene wa sentimita moja, jicho linaona moja na nusu tu. Nywele hizohizo huongeza upana wa uso, kwa hiyo matatizo yote mawili yanatibiwa na dawa moja.

Nywele za Kiafrika zina faida kubwa hapa, kwa sababu husimama kuelekea nje zenyewe badala ya kulala. Kwenye mashine nyingi za kunyolea, kitana namba 1 huacha karibu milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 milimita 10 na namba 4 milimita 13. Mwenye masikio yaliyochomoza asishuke chini ya namba 3 pembeni, na namba 4 ni bora zaidi. Juu ziwe ndefu kidogo tu kuliko pembeni, zikifuata mviringo wa kichwa. Zikisimama kama kofia, uso unarefuka tena.

Picha za Barack Obama zinaonyesha jambo hili vizuri, kwa kuwa ana uso mrefu mwembamba na masikio ambayo wachora katuni waliyakuza kwa miaka yote ya urais wake, na yeye mwenyewe akayafanyia mzaha hadharani. Mwaka 1980, akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Occidental huko Los Angeles, mwanafunzi mwenzake alimpiga picha ambazo baadaye zilijulikana duniani. Humo ana afro ya wastani iliyojaa pembeni, na masikio hayavuti macho. Alipoingia siasani alizikata fupi, kama wanasiasa wengi. Lakini angalia alivyozikata: kichwa kizima kina urefu unaokaribiana, pembeni hazikunyolewa hadi ngozi na juu hakuna mnara. Masikio yanaonekana, ndiyo, lakini uso mzima umetulia. Mwenye kazi isiyoruhusu afro anaweza kuifuata njia hiyo bila wasiwasi.

Sasa tuchukue kijana ambaye amekuwa akinyoa kiduku na anataka kubadilika. Kwanza ajipime. Urefu wa uso kutoka kwenye mstari wa nywele hadi kidevuni ukifikia mara moja na nusu ya upana wa mashavuni au kuzidi, uso wake ni mwembamba. Asijihukumu kwa selfi, kwa maana kamera ya simu ikiwa karibu hukuza pua, huufanya uso kuwa mwembamba kuliko ulivyo na kuyaficha masikio nyuma. Amwombe mtu ampige picha kutoka hatua mbili au tatu, simu ikiwa usawa wa macho.

Kisha avumilie. Nywele zetu hukua karibu milimita 8 kwa mwezi, na kwa kuwa hujikunja, urefu unaoonekana ni mdogo kuliko ule uliokua. Pembeni palipokuwa ngozi tupu patahitaji miezi miwili au zaidi. Katika muda huo asiache juu paendelee kurefuka. Kila baada ya wiki mbili au tatu kinyozi apunguze juu na asafishe shingo, pembeni asiguse. Wengi hukata tamaa hapa, kwa sababu juu hukua pamoja na pembeni na kichwa kinazidi kurefuka, ndipo wanarudi kwenye kiduku.

Siku ya kunyoa, maneno ya kumwambia kinyozi ni machache: "Kaka, pembeni namba nne, juu fuata mviringo. Fifisha chini tu, kwenye shingo na kwenye sharafa, usipande juu ya sikio." Sharafa, yaani nywele zinazoshuka mbele ya sikio, zisikatwe juu. Zikifika katikati ya sikio hujaza pengo la mbele na kuunganisha sikio na shavu.

Kuna mambo mawili ya kusimamia kwa makini. La kwanza ni ile njia ya nusu duara ambayo vinyozi huichonga kulizunguka sikio. Ikipanuka hata nusu sentimita, sikio linapata fremu ya ngozi tupu na kuonekana kubwa zaidi. Kinyozi mzuri hulikunja sikio kwa kidole, akasafisha nywele zinazoligusa tu, akaliachia na kutazama. La pili ni mstari wa mbele. Kuurudisha nyuma ili uwe mnyoofu huongeza paji, na uso mwembamba hauna nafasi ya paji zaidi.

Nywele zichanwe kwa chanuo kabla ya kunyoa, lakini si kwa kuvutwa hadi mwisho ikiwa wewe nyumbani huchani hivyo. Zitasinyaa ukioga, na masikio yatatokeza upya.

Wenye nywele laini, ambao ni wengi pwani, wanahitaji urefu zaidi, kama sentimita 5 pembeni, kwa kuwa zao hulala. Zifunike ncha ya juu ya sikio, si sikio lote. Dredi zinazoning'inia kando ya uso husaidia. Kusuka mistari ya kwenda nyuma hakusaidii, maana nywele hubanwa kwenye ngozi na masikio hubaki wazi.

Ndevu nazo zina mchango wake. Zijae mashavuni na ziwe fupi kidevuni. Ndevu za kidevuni peke yake huurefusha uso.

Haya yote hayamfai mwenye upara unaoanza utosini, kwani nywele nene pembeni zitauonyesha zaidi. Huyo achukue namba 1 kichwa kizima pamoja na ndevu. Mwanafunzi ambaye shule yake inataka nywele fupi naye achukue namba moja kila mahali bila fedi; angalau rangi ya kichwa itakuwa moja hadi kwenye sikio. Na wewe unayekaa kwenye kiti cha kinyozi mgeni kwako, mwambie aanze na namba 4 uitazame kwenye kioo kabla hajashuka. Akianza na namba 2, utasubiri karibu mwezi mzima kuzipata zile milimita zilizoanguka sakafuni.