Fundi amekushtaki na kazi yake ni mbovu: madai kinzani yanavyofanya kazi

Ugomvi wa fundi na mwenye jengo tunaujua sote huku Ruangwa na Nachingwea. Fundi anasema hajamaliziwa pesa yake. Mwenye jengo anasema halipi kwa sababu kazi imeharibika. Fundi akitangulia mahakamani, mwenye jengo anakuwa mdaiwa, na wengi hudhani kilichobaki ni kujitetea tu. Sheria inampa zaidi ya hapo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa Nambilanje ameandikishana na fundi kumjengea ghala la korosho kwa shilingi milioni 90. Amelipa milioni 50. Ghala limekabidhiwa, mvua zimeanza, bati zinavuja na sakafu imepasuka na kutitia. Amekataa kulipa zilizobaki, na fundi amefungua kesi Mahakama ya Wilaya akidai milioni 40.

Akishapokea wito, mdaiwa ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake kwa maandishi. Akiandika tu kwamba "kazi ilikuwa mbovu, kwa hiyo sidaiwi", amejiweka pabaya. Ghala limejengwa na analitumia, na mahakama haitamkisia hasara ambayo yeye mwenyewe hakuitaja.

Amri ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inampa njia mbili. Ya kwanza ni kukatana madeni, iliyo katika kanuni ya 6: unachonidai kipunguzwe kwa ninachokudai. Kanuni hiyo inataka kiasi kiwe kinajulikana tayari, mfano fundi awe alikopa kwako milioni 3 kwa maandishi. Fidia ya kazi mbovu haiko hivyo, kwa sababu kiasi chake hakijulikani mpaka mahakama ipime ushahidi.

Ndiyo maana njia ya pili ni salama zaidi. Hayo ni madai kinzani, yaliyo katika kanuni ya 9. Ndani ya hati ileile ya utetezi, mdaiwa anaongeza sehemu yake ya kumdai fundi, na sehemu hiyo huhesabika kama kesi kamili. Inalipiwa ada, na fundi naye anapewa siku 21 za kuijibu. Humo humo mdaiwa anaomba kwamba atakachoshinda kikatwe kwenye deni la fundi.

Turudi ghalani. Kuvunja na kumwaga upya sakafu ni milioni 11, kurekebisha paa ni milioni 5, na korosho zilizolowa zina thamani ya milioni 10. Jumla ni milioni 26. Mahakama ikikubali kila upande ulichodai, fundi atabaki na milioni 14 badala ya 40. Lakini hasara ingekuwa milioni 47, kukatana peke yake kungefuta deni na kuishia hapo. Milioni 7 za juu zinapatikana kwa madai kinzani tu. Faida nyingine ni kwamba fundi akiifuta kesi yake baada ya kuona mambo yamegeuka, madai kinzani yanaweza kuendelea.

Tahadhari moja: anayedai na anayedaiwa lazima wawe walewale. Kama mkataba wa ghala ni wa kampuni ya fundi, deni alilokopa kwako yeye binafsi halikatwi kwenye dai la kampuni.

Mengi hushindwa kwenye ushahidi. Kila kasoro iandikwe peke yake na bei yake, wala si jumla moja ya kukisia. Ripoti ya mhandisi inayoonyesha mkataba ulitaka nini na fundi alifanya nini ina uzito kuliko picha za simu. Ripoti hiyo ipatikane kabla sakafu haijavunjwa, kwa sababu ukisharekebisha, mabaki ya kosa yameondoka. Iwepo pia barua ya kumjulisha fundi kasoro na kumpa nafasi ya kurudi kuzirekebisha.

Tena, kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinaitaka mahakama iangalie njia ambazo mdai fidia alikuwa nazo za kupunguza hasara. Mwenye ghala aliyeona paa linavuja, akaacha magunia chini ya tundu mpaka yakaoza wakati angeweza kuyasogeza, atajibu kwa nini. Huenda akapata milioni 5 za paa na kukosa 10 za korosho.

Kwa hiyo siku wito unapofika, jambo la kwanza ni kuandika tarehe uliyoupokea, kwani siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo. La pili ni kumpeleka mhandisi ghalani kabla fundi mwingine hajashika nyundo.