Mfugaji Anaandika Nini Kuku Wakianza Kupinda Shingo?

Tuseme mfugaji amerekodi video nzuri ya kuonyesha jinsi ya kumdondoshea kuku chanjo ya kideri jichoni, akaipandisha YouTube kwa kichwa hiki: "Afya ya Mifugo, Sehemu ya Tatu". Kichwa hicho kinamfaa yeye anayepanga masomo yake. Mwenye kuku wagonjwa hajui kama kuna sehemu ya kwanza; anaandika "chanjo ya kideri", au anachokiona bandani: "kuku kupinda shingo", "kuku kuharisha kijani". YouTube hulinganisha maneno hayo na kichwa, maelezo na yaliyomo kwenye video, kisha huangalia kama waliotafuta hivyo waliitazama au waliihama.

Maneno ya watafutaji hayabuniwi, yanaokotwa. Fungua YouTube bila kuingia kwenye akaunti yako, ili historia yako isikuchanganye, uandike "chanjo ya kuku" pole pole. Mapendekezo yanayoshuka chini ya kisanduku yanatokana na yale ambayo watu huyatafuta. Rudia kwa "mdondo", maana wapo wanaouita ugonjwa huohuo hivyo, kisha kwa dalili zake.

Chagua kirai kimoja kinacholingana kweli na video, ukitangulize: "Chanjo ya kideri kwa kuku: jinsi ya kudondosha jichoni". Kikomo cha kichwa ni herufi 100, lakini simu hukata mkia mapema zaidi. Majina mengine yapeleke kwenye maelezo, katika sentensi za kawaida: "Video hii inaonyesha jinsi ya kuchanja kuku dhidi ya kideri, yaani mdondo, ugonjwa unaoweza kuwafanya waharishe kijani na kupinda shingo." Mistari miwili ya mwanzo ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza, kwa hiyo salamu na namba za simu zikae chini. Sehemu ya Tags isikuchukulie muda; YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, isipokuwa kwa maneno ambayo watu hukosea kuyaandika.

Baada ya wiki kadhaa ingia YouTube Studio, kwenye Analytics, utafute vyanzo vya watazamaji na ufungue "YouTube search". Hapo utasoma maneno yaliyowaleta watu. Mimi naliona hili kuwa somo kubwa kuliko yote. Huenda mfugaji wetu akakuta wengi wamefika kwa "dawa ya kideri" na kuondoka mapema. Kideri hakina dawa ya kukiponya. Ni ugonjwa wa virusi, na chanjo hukinga kuku ambao bado ni wazima. Akiongeza neno "dawa" kwenye kichwa atapata mibonyezo, lakini watu wataendelea kukimbia, na mwenye kuku wanaokufa atakuwa amedanganywa. Afadhali arekodi video nyingine, "Dawa ya kideri: kwa nini haipo na ufanye nini kuku wakiugua", ajibu swali hilo katika sekunde za kwanza, kisha aelekeze kwenye ile ya chanjo.