Kumbukumbu, Memori na Taarifa: Lugha ya Mwuza Kumbukumbu katika Bunilizi ya Saiberpanki ya Kiswahili

Ikisiri

Saiberpanki ni tanzu ya bunilizi ya kisayansi inayokutanisha teknolojia ya juu na maisha duni ya mjini. Mojawapo ya visa vyake vinavyojulikana ni cha mdukuzi wa mtaani anayeuza kumbukumbu za watu. Makala haya yanadai kwamba kisa hicho kikiandikwa kwa Kiswahili, ugumu wake hauko katika uundaji wa istilahi. Uko katika uteuzi kati ya maneno ambayo tayari yapo, na katika sarufi ya vitenzi vya kujua, kukumbuka na kusahau. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa kisa cha mfano kilichowekwa baina ya Tumbi, Kibaha, na Kariakoo, Dar es Salaam.

1. Utangulizi

Mwaka 1981 William Gibson alichapisha hadithi fupi kuhusu mtu anayebeba data za wengine kichwani mwake bila uwezo wa kuzisoma mwenyewe. Riwaya yake ya mwaka 1984 ndiyo iliyoupa mkondo wa saiberpanki sura yake inayofahamika: jiji lililofurika watu, kampuni zenye nguvu kuliko dola, na mdukuzi anayejipatia riziki katika nyufa za mfumo.

Fasihi ya Kiswahili si ngeni katika bunilizi inayotazama mbele. Katika *Walenisi* (1995) ya Katama Mkangi, mhusika mkuu husafirishwa na chombo hadi ulimwengu mwingine, na katika *Bina-Adamu!* (2002) ya Kyallo Wamitila, msimulizi huzunguka dunia iliyotawaliwa na utandawazi. Katika kazi hizo, safari ndiyo inayobeba falsafa. Kisa cha mwuza kumbukumbu kinadai jambo tofauti: biashara ndogo, ya kibandani, inayofanyika kwa lugha ya kila siku. Kwa sababu hiyo msamiati wa mtaani una uzito ndani yake kuliko msamiati wa maabara.

2. Kisa cha mfano

Tumbi ipo Kibaha, kandokando ya Barabara ya Morogoro, kiasi cha kilometa 40 magharibi mwa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 iliupa Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Mwandishi wa saiberpanki halazimiki kubuni jiji jipya; anaweza kuliacha hili likue kuifuata barabara hiyo hadi Tumbi iwe mtaa wake mmojawapo.

Katika jiji hilo, binti wa Tumbi aliyezidiwa na madeni anakwenda kwa fundi mmoja Kariakoo. Anamwuzia kumbukumbu moja tu: siku ambayo bibi yake alimfundisha kusuka ukili. Fundi anamwuzia tajiri asiyewahi kuwa na bibi wa namna hiyo. Binti anarudi nyumbani na mikono yake bado inasuka, kwa kuwa ujuzi haukuuzwa. Kilichouzwa ni siku yenyewe.

3. Majina matatu ya kitu kimoja

Mwuzaji huyo ana mtangulizi halisi. Katika miji ya Tanzania vimekuwapo vibanda vinavyoingiza nyimbo na filamu kwenye simu na kadi kwa malipo madogo. Hapo ndipo neno *memori* lilipopata makazi. Msemaji anayelalamika kwamba *memori imejaa* hazungumzii akili yake, na hakuna anayemwelewa hivyo. Kiswahili kimegawa kazi: *memori* ni kifaa na nafasi yake, ilhali *kumbukumbu* imebaki na akili ya mtu, maadhimisho, na maandishi rasmi kama kumbukumbu za kikao. Neno la tatu ni la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazungumzia *taarifa*, yaani kitu kinachokusanywa, kuchakatwa na kulindwa.

Kwa hiyo mwandishi ana maneno matatu kwa bidhaa moja, na kila moja lina msemaji wake. Fundi atasema *memori*, kwa sababu kwake ni mzigo wenye ukubwa na bei. Wakili atasema *taarifa*. Binti peke yake ndiye atakayesema *kumbukumbu*. Mwandishi anayetumia *kumbukumbu* kwa wote watatu huifuta tofauti hiyo, na mgogoro wa hadithi hupotea pamoja nayo. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: ukiondoa majina ya wasemaji katika mazungumzo, huwezi kujua nani anauza na nani anauzwa.

Jina la mwuzaji nalo lina maana yake. *Mdukuzi* linahusishwa na *dukiza*, yaani kusikiliza mambo ya watu kwa siri. Taswira yake si ya mtu anayevunja mlango, bali ya anayetega sikio ukutani. Kwa mwizi wa kumbukumbu taswira hiyo inafaa zaidi, maana anachochukua ni siri ya ndani.

4. Umoja na wingi

*Kumbukumbu* ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na umbo lake halibadiliki. Tofauti huonekana katika upatanisho tu:

(1) Kumbukumbu yake imeharibika.
(2) Kumbukumbu zake zimeuzwa.

Sentensi ya kwanza kwa kawaida hueleweka kuwa inahusu uwezo wa mtu wa kukumbuka. Ya pili inahusu vitu vinavyohesabika. Ili biashara iwezekane, uwezo sharti ugeuzwe kuwa vitu, na Kiswahili hufanya mgeuzo huo kwa kiambishi kimoja. Swali la fundi, “Unazo ngapi?”, ndipo mahali ambapo utu wa binti unageuka bidhaa. Halihitaji maelezo ya msimulizi.

5. Sijui, sikumbuki, nimesahaulishwa

Jaribio gumu zaidi ni kauli ya kwanza ya binti baada ya mauzo. Tuseme shangazi yake anamwona akisuka na kumwuliza, “Mwanangu, nani alikufundisha?” Mwandishi asiye mwangalifu atamjibisha, “Sikumbuki, shangazi.” Jibu hilo linaharibu kisa. *Sikumbuki* hukubali kwamba kulikuwa na kitu cha kukumbukwa. *Nimesahau* hudai zaidi, kwani msemaji anakiri kwamba aliwahi kujua. Mtu aliyeondolewa siku nzima, pamoja na siku ya kuiuza, hana msingi wa kukiri lolote. Jibu lake la haki ni moja: “Sijui.”

Hapo ndipo njia ya kisa inapochorwa na sarufi. Shangazi, aliyekuwapo siku ile, anamsimulia. Kwa ushahidi wake binti anahama kutoka *sijui* hadi *sikumbuki*. Anapopata stakabadhi ya fundi katika mfuko wa kanga, anafika kwenye umbo la tatu: *nimesahaulishwa*. Kiambishi cha kutendesha kinaingiza msababishi, na kile cha kutendwa kinamruhusu msababishi huyo asitajwe. Binti anajua kwamba ametendewa, lakini bado hajui na nani.

Upande wa mnunuzi unahitaji kauli ya kutendea. Tajiri anayelia kila anaponusa miyaa mibichi *anamkumbukia* binti: anakumbuka kwa niaba ya mtu asiyemjua. Umbo hilo lina utata, kwa kuwa *kumbukia* huweza pia kumaanisha kukumbuka tu. Muktadha usipotangulia, msomaji atalipita. Kwa hiyo lije baada ya jibu la “Sijui”, si kabla yake.

6. Hitimisho

Mwandishi anayeanza na orodha ya istilahi za kompyuta atapata hadithi yenye vifaa vingi na hasara isiyosikika. Katika kisa hiki hasara inasikika katika maneno mawili ya kawaida, *unazo* na *sijui*: la kwanza mdomoni mwa fundi, la pili mdomoni mwa binti.