Gauni Jekundu Kuwa la Manjano

Kwenye picha ya kidijitali, rangi ya nguo hubadilishwa bila kugusa mikunjo kwa sababu kompyuta inaweza kutenganisha mambo mawili: rangi yenyewe, na kiasi cha mwanga kilichopo kila mahali kwenye kitambaa. Mikunjo na vivuli vimo kwenye mwanga. Mtu akipaka rangi nzito juu ya gauni anaufunika mwanga huo, na nguo inabaki bapa kama karatasi iliyokatwa.

Kwa hiyo, katika programu kama Photoshop, gauni huzungushiwa mpaka kwanza, na ukingo wa eneo lililochaguliwa hulainishwa kwa pikseli 1 au 2. Juu yake huwekwa tabaka jipya lenye rangi inayotakiwa, na hali ya uchanganyaji ya tabaka hilo hubadilishwa kutoka Normal kuwa Color. Hapo tabaka la juu hutoa rangi tu, mwanga ukichukuliwa kutoka picha ya chini.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo matokeo huharibika. Rangi hazilingani kwa mwanga. Katika hesabu inayotumika, nyekundu huchangia takriban asilimia 30 ya mwanga, kijani 59 na buluu 11. Manjano, ambayo ni nyekundu na kijani pamoja, hufikia 89. Gauni la satini jekundu lililokolea likipakwa manjano kwa Color, linabaki na mwanga wa 30, na kinachoonekana si manjano bali rangi ya zeituni iliyofifia. Likigeuzwa buluu hutokea kinyume: buluu inapauka, kwa kuwa mwanga uliopo unaizidi.

Dawa ni kurekebisha mwanga wa gauni lenyewe kwa Curves, chini ya tabaka la rangi. Kwa manjano, sehemu ya katikati ya mstari huinuliwa, huku ncha mbili zikiachwa zilipo, ili kina cha mikunjo kisalie cheusi na mng'ao usiungue. Mstari ukiinuliwa kupita kiasi, mikunjo midogo hupotea. Njia rahisi ya kukagua ni kuitazama picha kwa rangi nyeusi na nyeupe: kila mkunjo uliokuwapo mwanzo lazima uonekane bado.

Mng'ao wa satini hubeba zaidi rangi ya taa kuliko ya kitambaa. Palipo nyeupe kabisa, Color haibadilishi kitu, na ni sawa. Palipo karibu na nyeupe hupata rangi kidogo. Ikizidi, maski hupunguzwa hapo kwa brashi laini.

Hubaki wekundu uliorukia nje ya nguo: chini ya kidevu, ndani ya mkono, kwenye ukingo wa nywele. Macho huunasa haraka kuliko kosa lolote la mkunjo. Huondolewa kwa kupunguza ukolezi wa nyekundu mahali hapo tu, kidogo kidogo, ngozi isije ikawa ya kijivu.

Gauni jeusi tititi ni shauri jingine. Kama kamera haikunasa mikunjo yake, hakuna mwanga wa kuhifadhi, na rangi yoyote itakayowekwa haitakuwa na cha kushikilia.