Askari wa Shaba na Majina Yasiyochongwa

Katikati ya Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora, amesimama askari wa shaba mwenye bunduki iliyochomekwa singe, ameielekeza upande wa bandari. Maelfu hupita chini yake kila siku wakiwahi daladala, wala hawamtazami. Wengi hudhani ni shujaa wa uhuru. Sivyo. Sanamu hii iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliowatumikia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Kabla yake mji ulikuwa na sanamu nyingine. Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann, kamanda aliyeyavunja mapambano ya Abushiri bin Salim katika pwani ya Pangani na Bagamoyo. Juu alikuwa Mjerumani, na chini yake askari Mwafrika akimtazama kwa unyenyekevu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Baadaye ilirudi Ujerumani, ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, na huko ikaangushwa na wanafunzi katika miaka ya 1967 na 1968. Shaba ilikuwa ileile, lakini watoto wa taifa lililoiweka walikuwa wameanza kumwona mtu mwingine ndani yake.

Safari ya sanamu hiyo inaonyesha jambo la kwanza kuhusu kumbukumbu za vita: sanamu husema habari za aliyeisimamisha kuliko za aliyekufa. Mwafrika wa Wissmann alikuwa chini, na wa Waingereza akapandishwa juu. Waingereza walitaka ionekane kwamba wao ni mabwana wa namna nyingine. Lakini hata kwao fadhila ilikuwa na mpaka. Maandishi ya kitako yanawataja askari, wapagazi na wengine wote waliokufa kwa ajili ya mfalme. Tanganyika, hata hivyo, ilikuwa koloni la Wajerumani vita vilipoanza, na vijana wake wengi walipigana chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Hao hawakufa kwa ajili ya mfalme wa Uingereza, kwa hiyo mnara uliojengwa katika ardhi yao hauwahusu.

Maandishi hayo yalitungwa na mwandishi Rudyard Kipling, nayo yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka kitako chote ukilitafuta jina hata moja, hulipati. Kipling mwenyewe alimpoteza mwanawe wa pekee, John, katika mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915. Mwili haukutambulika, lakini jina la John lilichongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu kulekule. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya dola ya Uingereza: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, awe na kaburi au asiwe nalo, awe jenerali au askari wa kawaida.

Afrika Mashariki kanuni hiyo ilipindishwa. Vita hivi vilipiganwa porini, mahali pasipo reli wala barabara, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na bega la mtu. Wanaume walikusanywa vijijini kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, wabebe unga, risasi na majeruhi. Eneo la Kariakoo, Dar es Salaam, lilikuwa kambi yao, na jina lake limetokana na kikosi chao. Hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Kwa upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya wapagazi waliokufa yanakaribia laki moja.

Vita vilipokwisha, maofisa wa Tume na wa serikali za makoloni waliamua kwamba Mwafrika hana desturi ya kuthamini jiwe la kaburi lenye jina. Mzungu aliyefia huku akapata kaburi lake, jina na tarehe. Mpagazi akapata sehemu yake katika sanamu moja ya wote, kule Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Kwa hiyo sanamu ya Askari ni heshima, lakini pia ilikuwa njia nafuu ya kukwepa kuandika majina. Mwaka 2021 Tume hiyo ilichapisha uchunguzi wake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi.

Upo mfano mwingine unaoonyesha jinsi kumbukumbu inavyoweza kuishi bila kutegemea chuma. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga makumi ya viongozi wa Wangoni mjini Songea, wakawafukia katika kaburi moja. Siku chache baadaye Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, akazikwa peke yake. Wenyeji wanaamini kichwa chake kilichukuliwa hadi Ujerumani. Leo pahali hapo pana Makumbusho ya Majimaji, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka.

Tofauti na mzunguko wa Samora iko wazi. Waliozikwa Songea wanajulikana, na wana wajukuu na vitukuu wanaoweza kusema huyu ni babu yangu. Siku inapowadia, kuna mtu wa kuulizwa na kuna mtu wa kudai. Ndiyo maana Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipofika Songea Novemba 2023 kuomba msamaha, hakuzungumza na jiwe tu. Alikutana na ukoo wa Mbano, ambao ulikuwa na swali mahususi: kichwa cha babu yetu kiko wapi?

Hata hivyo siku ya kumbukumbu nayo huchagua. Ya Songea inawaweka mbele viongozi walionyongwa, wanaume wenye vyeo. Lakini wengi waliokufa katika Majimaji hawakufia kitanzini wala vitani. Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, njaa ikafuata, na makadirio ya vifo hufika hadi 300,000. Wanawake na watoto waliokufa kwa njaa hawana tarehe moja ya kuandikwa kwenye kalenda, na sherehe huona shida kumkumbuka mtu asiye na tarehe.

Siku ina faida moja ambayo shaba haina: yaweza kubadilishwa maana bila kubomolewa. Wakenya walikuwa na Siku ya Kenyatta tarehe 20 Oktoba, iliyohusu kukamatwa kwa Jomo Kenyatta na wenzake mwaka 1952. Katiba ya 2010 iliiacha tarehe palepale ikaiita Siku ya Mashujaa, ili iwabebe wote waliopigania nchi. Tanzania nayo ina yake, tarehe 25 Julai. Si siku ya mapumziko, lakini Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na wengine huweka sime, upinde na mishale, shoka, na shada la maua. Vifaa hivyo vinawaweka pamoja waliokufa wakimpinga Mjerumani na waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kana kwamba walikuwa jeshi moja.

Mpagazi anaingia kwa shida katika mstari huo. Hakuipigania nchi yake wala hakuchagua upande. Alichukuliwa, akabebeshwa, akafa. Taifa hujua namna ya kumkumbuka shujaa, lakini bado halijajua vizuri namna ya kumkumbuka mtu aliyetumiwa. Kwake yeye mnara mpya hautatosha, wala siku nyingine kwenye kalenda. Kazi inayobaki ni ya nyaraka: kufungua daftari za malipo na orodha za vikosi zilizosalia, kulinganisha na masimulizi ya koo, na kuandika majina yanayopatikana, hata yakiwa machache, mahali ambapo kitukuu anaweza kuyasoma.