Betri Mpya, na Asubuhi Selfu Haizungushi

Betri ya pikipiki ikiisha nguvu kwa mara ya kwanza, mwenye nayo hununua nyingine na mara nyingi huwa amefanya sawa, maana betri za risasi na asidi huchakaa kama kifaa kingine chochote. Lakini ile mpya nayo ikizima ndani ya wiki chache, ni wazi tatizo halimo ndani ya betri. Kuna kitu kinachopaswa kuijaza na hakiijazi, au kuna kitu kinainyonya wakati pikipiki imelala. Kuendelea kununua betri hapo ni kutupa fedha, na bado madereva wengi wa bodaboda hufika betri ya tatu kabla mtu yeyote hajashika mita.

Umeme wa pikipiki huzaliwa ndani ya injini, kwa kawaida nyuma ya kifuniko cha upande wa kushoto. Humo mna gurudumu la chuma lenye sumaku, ambalo huzunguka pamoja na injini, na katikati yake imefungwa stata, yaani duara la koili za waya wa shaba lisilozunguka. Sumaku zinapopita mbele ya koili, umeme hutoka. Umeme huo ni mkondo geu, unaokwenda mbele na kurudi nyuma, na volti zake hupanda kadiri injini inavyokimbia. Betri haiwezi kuupokea ulivyo. Ndiyo maana nyaya za stata huenda kwanza kwenye kile kiboksi cha aluminiamu chenye mapezi, ambacho mafundi hukiita rektifaya. Kina kazi mbili: diodi zake huunyoosha umeme uelekee upande mmoja, na sehemu nyingine huzuia volti zisipande kupita kiasi. Katika pikipiki nyingi ndogo umeme unaozidi hugeuzwa joto na kupotelea hapo hapo, na kwa sababu hiyo kiboksi hicho huwa cha moto na lazima kipate upepo. Kikifunikwa na tope au kikifichwa chini ya kiti, umri wake hupungua.

Dereva anayeelewa namba moja atajiokoa na hasara nyingi. Betri tunayoiita ya volti 12 ina vyumba sita, na ikiwa imejaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Maji hayapandi kwenye tangi bila msukumo unaozidi kimo cha tangi, na umeme nao hauingii kwenye betri kama volti zinazokuja hazizidi zile zilizomo. Kwa hiyo injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, mita iliyowekwa kwenye vichwa viwili vya betri inapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.8. Chini ya 13, betri inaliwa polepole hata kama taa zinawaka vizuri na safari inakwenda. Juu ya 15, rektifaya imeshindwa kuzuia: maji ya betri yatachemka na kukauka, na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Makosa yote mawili huua betri, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Mita ya kawaida ya fundi redio inatosha kwa kazi hii. Ina sehemu ya mkondo mnyoofu, iliyoandikwa DCV au V yenye mstari, na sehemu ya mkondo geu, iliyoandikwa ACV au V~. Kwenye betri unapima kwa ya kwanza, kwenye stata kwa ya pili. Ukizibadilisha utapata namba zisizo na maana, na ndivyo watu wanavyobadilisha vifaa vizima.

Tuchukue pikipiki ya sisi 150 inayofanya kazi ya bodaboda, yenye betri ya ampea 7 kwa saa, na nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye injini kwenda kwenye rektifaya. Asubuhi selfu inazungusha, jioni honi inakoroma na indiketa zinawaka kwa uzito. Betri imeshabadilishwa. Rektifaya nayo imeshabadilishwa, kwa sababu ni boliti mbili tu na soketi moja, na fundi asiye na mita huanza na kilicho rahisi kufungua. Baada ya majuma mawili hali ikarudi ile ile.

Kipimo cha kwanza hakiwezi kufanywa na betri iliyokufa, maana itavuta namba zote chini. Betri inajazwa kwanza kwa chaja ya nje, taratibu, kwa karibu moja ya kumi ya ujazo wake, hapa ampea 0.7, kisha inaachwa usiku mzima bila kuunganishwa. Asubuhi inasoma 12.7. Inarudishwa, selfu inabonyezwa, namba inashuka hadi 10.8 na kupanda tena. Hiyo ni betri nzima. Ingeporomoka hadi 8 au 9, ama ingelala usiku kwenye 10.5, tungesema chumba kimoja kimekufa na hadithi ingeishia hapo.

Sasa injini inawaka. Ikiunguruma polepole, betri inasoma 12.6. Ikipigwa resi hadi takriban mizunguko 5,000 kwa dakika, inafika 12.8 na kukwama. Taa kubwa ikiwashwa inashuka hadi 12.4. Hakuna chaji. Lakini bado hatujui kosa liko kwa stata, kwa rektifaya, au kwenye nyaya zilizo kati yao, na hapa ndipo mafundi wengi hukisia.

Anza na soketi, kwa kuwa haigharimu kitu kuitazama. Plastiki iliyoyeyuka, pini iliyogeuka rangi ya kahawia au waya uliokakamaa karibu na pini ni dalili za mguso mbaya unaokula volti kwa joto. Halafu, injini ikiwa inawaka, weka ncha moja ya mita kwenye waya chanya unapotoka kwenye rektifaya na nyingine kwenye kichwa chanya cha betri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fanya vivyo hivyo upande wa ethi, kati ya bodi ya injini na kichwa hasi. Katika pikipiki yetu pande zote mbili zinasoma 0.1. Nyaya ni salama.

Ndipo soketi ya nyaya tatu za njano inachomolewa, ili stata ipimwe peke yake. Mita inawekwa ACV, injini inarudishwa kwenye mizunguko 5,000, na nyaya zinapimwa mbili mbili. Wa kwanza na wa pili: volti 47. Wa kwanza na wa tatu: 29. Wa pili na wa tatu: 28. Ukubwa wa namba hutofautiana kutoka aina moja ya pikipiki hadi nyingine, na kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. La muhimu zaidi ni kwamba zote tatu zilingane. Hapa kila kipimo kinachogusa waya wa tatu kinashuka. Injini inazimwa, mita inawekwa kwenye mlio, ncha moja kwenye waya wa njano na nyingine kwenye chuma cha injini. Inalia. Haikupaswa kulia: koili za stata ya aina hii hazitakiwi kugusana na bodi popote. Varnishi ya waya imeungua na shaba imekaa juu ya chuma.

Oili ikimwagwa na kifuniko kufunguliwa, koili kadhaa za upande mmoja zinaonekana nyeusi, na nyingine bado zina rangi ya shaba. Stata mpya inafungwa pamoja na gasketi mpya, na mita inasoma 14.2 kwenye betri, 13.9 taa ikiwaka. Betri ile ile.

Kipimo cha omu nimekiweka kando kwa makusudi. Koili hizi ni za waya mnene, ukinzani wake mara nyingi haufiki omu moja, wakati nyaya za mita ya bei nafuu peke yake zinaweza kusoma 0.3. Fundi akikwambia stata ni nzima kwa sababu mita imeonyesha omu, muulize volti ngapi imetoa injini ikizunguka. Tena aipime injini ikiwa na joto. Varnishi iliyoanza kuchoka hushikilia asubuhi ya baridi na kuachia baada ya nusu saa ya barabara, na dereva anarudi gereji akiambiwa hakuna tatizo.

Kama namba tatu za stata zingelingana na kupanda vizuri, huku betri ikibaki 12.8 na nyaya zikiwa salama, kilichobaki kingekuwa rektifaya. Rektifaya ina kosa jingine la siri. Diodi yake ikivuja, betri humwaga umeme kurudi kwenye koili usiku kucha, pikipiki ikiwa imezimwa. Hili hupimwa kwa kuchomoa waya hasi wa betri na kuweka mita, ikiwa kwenye ampea ndogo, kati ya waya huo na kichwa cha betri, swichi ikiwa imefungwa. Usiguse selfu wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita. Pikipiki nyingi ndogo husoma karibu sifuri. Ukiona miliampea 50, zidisha kwa saa 24: ni ampea 1.2 kwa saa kila siku, na betri yetu ya 7 itakuwa imefika nusu kabla ya siku ya tatu kwisha. Chomoa soketi ya rektifaya. Namba ikidondoka, umempata mwizi. Isipodondoka, fuata redio, chaja ya simu na taa za urembo zilizounganishwa moja kwa moja kwenye betri bila kupita swichi.

Taa za urembo zina hesabu yake pia. Stata ndogo ikiunguruma polepole kwenye foleni hutoa nguvu kidogo sana. Ukiongeza taa mbili za wati 20 umeongeza zaidi ya ampea 3, na mfumo mzima usio na kosa lolote utashindwa kuijaza betri. Hapo hakuna cha kutengeneza isipokuwa kupunguza mzigo.

Ipo desturi moja ya gereji ambayo ningependa iachwe leo: kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama itaendelea, au kugusisha waya wa chaji kwenye bodi kutafuta cheche. Betri ndiyo inayotuliza volti za mfumo. Ikitolewa ghafla, volti huruka juu na zinaweza kuunguza rektifaya, balbu, hata kile kiboksi kinachoongoza moto wa plagi. Na cheche haikwambii kama ni volti 12.8 au 14.2, wakati tofauti hiyo ndiyo yote unayoitafuta.

Na betri mpya ya kumwagia asidi isifungwe dukani na kuondoka nayo papo hapo. Iache itulie kama nusu saa, ijazwe kwa chaja taratibu, ndipo ifungwe. Inayoanza kazi ikiwa nusu, juu ya mfumo usiochaji, hugandisha salfeti kwenye sahani zake na haitarudi kwenye ujazo wake hata stata ikija kutengenezwa baadaye.

Dereva, ukienda gereji na betri iliyolala, usikubali kulipia kifaa chochote kabla hujaonyeshwa namba kwenye mita: betri imelala, injini imepigwa resi, na nyaya tatu za stata zikilinganishwa. Fundi asiye na mita, mpelekee panchari.